Kusugua ganda la chungwa, limau na ndimu kwenye sukari: mwongozo kamili wa keki, biskuti na shira

Mapishi mengi ya keki ya chungwa huagiza juisi nusu kikombe au zaidi, na keki ikishaiva mlaji hawezi kutofautisha kama ni ya chungwa au ya vanila. Juisi imebeba zaidi maji, utamu na uchachu. Harufu inayotufanya tulitambue chungwa imo kwenye mafuta, na mafuta hayo yamehifadhiwa katika vifuko vidogo ndani ya ganda, kwenye tabaka la juu kabisa lenye rangi. Bana kipande cha ganda karibu na mwali wa mshumaa utaona cheche ndogo zikiruka: ni mafuta yenyewe yanayoshika moto.

Kulikwangua ganda na kulitupa kwenye mchanganyiko mwishoni husaidia kidogo tu, kwa sababu vifuko vingi hubaki vizima ndani ya vipande vya ganda. Mlaji hukutana na ladha pale anapotafuna kipande, kisha inapotea. Kazi ya kusugua ni kuvipasua vifuko hivyo na kuyapa mafuta mahali pa kushika. Chembe za sukari zina ncha kali, hivyo hukata ganda unapozibonyeza. Wakati huohuo sukari huvuta maji kutoka kwenye ganda, na mafuta yaliyotoka hutandaa juu ya chembe kama utando mwembamba. Sukari hiyo ikichapwa na siagi, mafuta ya ganda huyeyukia ndani ya siagi na kuenea keki nzima.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Kabla ya sukari ya chembe kuenea madukani, Ulaya sukari iliuzwa kwa mabonge magumu, na wapishi walilisugua bonge moja kwa moja juu ya ganda la limau mpaka likageuka manjano, kisha wakalitia kwenye vinywaji na vitamutamu. Sisi tunafanya kazi ileile kwa vidole.

Kuchagua na kuosha tunda

Usichague kwa rangi. Machungwa mengi ya Afrika Mashariki, yakiwemo yale ya Muheza, huiva yakiwa bado ya kijani au kijani chenye manjano, kwa sababu rangi ya kijani ya ganda huondoka vizuri pale usiku unapokuwa wa baridi, na pwani haina baridi hiyo. Tunda la kijani lililokomaa lina mafuta ya kutosha. Kinachopungua ni rangi tu: keki haitakuwa na vidoa vya rangi ya chungwa, itakuwa na vya kijani hafifu.

Kipimo cha kweli ni kukwaruza ganda kidogo kwa ukucha. Harufu ikipanda papo hapo na ukucha ukalowa, tunda linafaa. Ganda lililosinyaa, jepesi na gumu limeshapoteza maji na sehemu ya mafuta yake, hata kama ndani bado kuna juisi nzuri. Tunda la namna hiyo likamue, ganda uachane nalo.

Osha tunda kwa maji ya moto kiasi cha kuvumilika mkononi, ukisugua kwa brashi safi. Machungwa na malimau yaliyoagizwa kutoka nje mara nyingi hupakwa nta ili yang'ae na yasinyauke haraka, na nta hiyo hulegea kwa joto. Kisha futa kwa kitambaa kikavu mpaka ganda likauke kabisa. Usiruke hatua hii. Maji yaliyobaki juu ya ganda yatayeyusha sukari, nayo sukari italowa kabla ya mafuta kutoka. Utadhani umemaliza kazi wakati hujaianza.

Kukwangua bila kufika kwenye weupe

Chini ya tabaka lenye rangi kuna utando mweupe, laini na mchungu. Uchungu huo hauondoki kwa kuoka wala kwa kuongeza sukari, ndiyo maana kukwangua ni hatua inayoamua zaidi kuliko zote.

Pima sukari kwanza, uimwage kwenye bakuli pana, kisha kwangua ganda moja kwa moja juu yake. Unapokwangua, vifuko hupasuka na kurusha matone madogo ya mafuta. Ukikwangulia kwenye sahani au ubao, matone hayo yanabaki huko. Tumia greta yenye matundu madogo makali. Pitisha tunda mara moja tu mahali pamoja, kwa mkono mwepesi, kisha lizungushe. Likishakwanguliwa vizuri tunda hubaki na rangi ya manjano mpauko yenye vitundu vidogo. Ukiona weupe mtupu, umeshapita mpaka.

Greta ya pande nne ina upande mmoja wenye matundu yaliyochomoza vinundu vikali pande zote. Upande huo hulisaga ganda likawa ujiuji na nusu yake hubaki imenasa. Tumia upande wa matundu madogo ya kukata. Kama huna greta inayofaa, kisu chenye makali kinatosha: menya ganda kwa vipande vyembamba, vilaze juu ya ubao, upande mweupe ukitazama juu, ukwangue weupe huo kwa kisu kilicholazwa, kisha katakata ganda pamoja na kijiko kikubwa cha sukari mpaka viwe vipande vidogo kuliko punje ya mchele. Sukari huzuia ganda kuteleza na hunyonya mafuta yanayotoka. Mwishowe kwangua ubao wote uingie kwenye bakuli.

Ndimu zetu zinahitaji uangalifu zaidi. Ganda lake ni jembamba sana na weupe uko karibu, kwa hiyo mguso uwe mwepesi kuliko wa chungwa.

Tunda lililokwanguliwa hukauka haraka. Lifunge vizuri, liweke kwenye friji na ulikamue ndani ya siku mbili tatu.

Kiasi gani cha ganda kwa kiasi gani cha sukari

Chungwa moja la wastani hutoa takriban kijiko kikubwa kimoja cha ganda lililokwanguliwa bila kushindiliwa. Limau hutoa vijiko vya chai viwili hadi vitatu, na ndimu ndogo hutoa kijiko kimoja cha chai au pungufu.

Kwa keki, chungwa moja au limau moja kwa kila gramu 100 za sukari hutoa ladha iliyo wazi bila kukaba. Kwa biskuti ongeza, kwa sababu ni nyembamba na hupoteza harufu nyingi ndani ya oveni: ganda la ndimu tatu au limau moja na nusu kwa gramu 75 za sukari. Usivuke hapo kwa kudhani kwamba zaidi ni bora. Mafuta ya ganda yakizidi huacha ukali unaowasha ulimi, na keki huanza kunuka kama sabuni ya limau.

Sukari nyeupe ya chembe za kawaida ndiyo bora. Sukari ya unga haina ncha za kukata ganda, tena mara nyingi huchanganywa na wanga, kwa hiyo husongamana bila kufanya kazi. Sukari ya kahawia inasuguliwa vizuri, ila ina unyevu wake na harufu yake. Harufu ya limau huzidiwa, ya chungwa hupatana nayo. Kama sukari yako ina chembe kubwa, kama ilivyo sukari nyingi ya viwanda vyetu, isage kidogo kwenye blenda au itwange kwenye kinu kidogo kabla ya kukwangulia ganda, mpaka chembe zipungue ukubwa lakini zisiwe unga. Usisage baada ya kutia ganda, maana blenda ikipata joto harufu hupanda hewani.

Kusugua

Mikono iwe mikavu. Chota sukari yenye ganda kwa ncha za vidole, ubonyeze kwa dole gumba ukitelezesha mbele na nyuma, uiachie ianguke, uchote tena kutoka chini ya bakuli. Bonyeza kwa nguvu. Kuchanganya tu kwa mwiko hakupasui kitu.

Katika nusu dakika ya kwanza ganda huwa limejikusanya kwenye vifundo vyenye rangi na sukari imebaki nyeupe. Kufikia dakika ya pili vifundo hutawanyika na rangi huanza kuenea. Baada ya dakika mbili hadi tatu sukari yote inakuwa na rangi moja, imelowa na inashikana ukiibana kiganjani kama mchanga wa ufukweni maji yanapoondoka, na harufu yake imejaa jikoni. Hapo ndipo pa kuacha.

Funika bakuli, uliache kwa dakika 20 hadi 30. Sukari itaendelea kuvuta maji na mafuta kutoka kwenye vipande vilivyokwisha kukatwa. Ukirudi utakuta unyevu umeongezeka. Sugua tena kidogo kuvunja mabonge, kisha endelea na mapishi.

Mwenye mchubuko au kidonda kidoleni abonyeze kwa mgongo wa kijiko kwenye ukuta wa bakuli; huchukua muda mrefu zaidi lakini hutoa matokeo yaleyale. Jambo jingine ni la ndimu hasa: ganda lake lina kemikali ambazo zikibaki kwenye ngozi na ngozi ikapigwa na jua kali zinaweza kuiunguza na kuacha malengelenge au madoa meusi yanayokaa muda mrefu. Osha mikono kwa sabuni, pamoja na vifundo na kati ya vidole, kabla ya kutoka nje.

Keki ya chungwa, hatua kwa hatua

Hii ni keki ya duara ya chombo cha sentimita 20. Andaa machungwa mawili, sukari gramu 200, siagi laini gramu 200, mayai manne yasiyo ya baridi, unga wa ngano gramu 220, beking pauda kijiko kimoja na nusu cha chai, chumvi robo ya kijiko cha chai, na juisi ya machungwa hayohayo mililita 60.

Kwangua machungwa yote mawili juu ya sukari, sugua, uache ipumzike nusu saa. Washa oveni nyuzi 170 za Selsiasi, upake chombo siagi na kutandika karatasi chini. Chekecha unga pamoja na beking pauda na chumvi.

Tia siagi kwenye sukari, uchape kwa mashine dakika tano hivi, ukikwangua pembeni ya bakuli mara kwa mara. Siagi iwe laini ya kuachia alama ya kidole lakini isiwe imeyeyuka. Siagi iliyoyeyuka hupokea harufu sawasawa, lakini haishiki hewa na keki itashuka. Usishangae mchanganyiko ukiwa mweupe kidogo tu badala ya mweupe kabisa. Ni rangi ya mafuta ya ganda.

Ongeza mayai moja moja, ukichapa vizuri kila mara. Sasa tia theluthi ya unga, kisha nusu ya juisi, theluthi nyingine ya unga, juisi iliyobaki, na umalizie unga. Ukimwaga juisi yote kwa pamoja, maji na uchachu wake huvunja mshikamano wa siagi na mayai. Mchanganyiko hukatika, na keki hutoka nzito yenye mafuta chini. Ukiona umeanza kukatika, tia kijiko kikubwa cha unga mara moja na ukoroge taratibu. Kwa kawaida hurudi.

Mimina, sawazisha juu, uoke dakika 45 hadi 55. Kijiti kikichomwa katikati kitoke kikavu. Anayeoka kwa sufuria juu ya jiko la mkaa aweke moto mchache chini na mwingi zaidi juu ya mfuniko, kwani vipande vya ganda vilivyozama chini huungua haraka kuliko keki yenyewe na huleta uchungu unaofanana sana na ule wa weupe wa ganda. Ukikuta uchungu kwenye ukoko wa chini peke yake, kosa ni la moto. Ukikuta uchungu kila mahali, kosa ni la kukwangua.

Iache ipoe kabisa kabla ya kuonja na kuhukumu. Ikiwa bado ya moto, harufu nyingi inapanda na mvuke, ladha mdomoni inakuwa hafifu. Siku ya pili, ikiwa imefungwa, keki hii hunukia zaidi kuliko siku ya kwanza.

Biskuti za ndimu

Gramu 75 za sukari, gramu 150 za siagi, gramu 225 za unga, chumvi kidogo, na ganda la ndimu tatu. Baada ya kusugua, toa kijiko kikubwa kimoja cha sukari hiyo ukiweke pembeni ndani ya kikombe kilichofunikwa. Iliyobaki changanya na siagi mpaka iwe laini tu, bila kuchapa kwa muda mrefu, kisha tia unga na chumvi na ukusanye donge. Viringisha liwe gogo la unene wa sentimita nne, liweke kwenye friji saa moja, ukate vipande vya nusu sentimita.

Oka nyuzi 165 kwa dakika 14 hadi 16, pembeni zikianza tu kugeuka rangi. Zikiwa kahawia, harufu ya siagi iliyoiva itaimeza ya ndimu. Zitoe, subiri dakika mbili, unyunyize ile sukari uliyoihifadhi. Sukari hii haijapita kwenye moto, kwa hiyo ndiyo inayompa mlaji harufu ya kwanza. Vidoa vya kijani vitakuwa vimegeuka rangi ya zeituni. Ni joto na uchachu vilivyobadilisha rangi ya ganda, ladha haijaharibika.

Shira ya keki na ya kaimati

Kwenye shira kosa kubwa ni kuchemsha. Mafuta ya ganda huondoka na mvuke hata kabla hayajafikia kiwango chake chenyewe cha kuchemka, na jiko likinukia vizuri sana ujue harufu hiyo haimo tena kwenye sufuria.

Shira nyepesi ya kunyunyizia keki au kutia kwenye chai ya barafu haihitaji jiko hata kidogo. Sugua ganda la malimau mawili kwenye sukari gramu 200, uache saa moja, kisha mimina maji ya moto yasiyochemka mililita 200. Koroga mpaka chembe zote ziyeyuke. Maji hayo yana uwezo wa kuyeyusha sukari nyingi kuliko hiyo, kwa hiyo ni suala la subira tu. Funika dakika 20, uchuje kwa chujio la chai. Usiliache ganda ndani ya chupa, maana kadiri siku zinavyopita hutoa uchungu. Shira itakuwa na ukungu kidogo na mafuta yanaweza kupanda juu, hivyo tikisa kabla ya kutumia. Kwenye friji hukaa takriban wiki moja ikiwa nzuri.

Shira nzito ya kaimati ina mtego wake. Ukiitupa sukari yenye ganda kwenye shira iliyokwisha kuwa nzito, chembe zisizoyeyuka huwa mbegu, na sufuria nzima inaweza kuganda na kuwa sukari tena. Kwa hiyo yeyusha pembeni kwanza. Sugua ganda la limau moja au ndimu mbili kwenye sukari gramu 50, iache nusu saa, tia maji ya uvuguvugu mililita 40, koroga mpaka usisikie chembe hata moja ukisugua tone kati ya vidole, kisha chuja. Wakati huo chemsha sukari gramu 250, maji mililita 120 na kijiko kimoja cha chai cha juisi ya ndimu, bila kukoroga baada ya kuyeyuka, mpaka tone lililopoa kidogo kijikoni livutike uzi mnene kati ya vidole. Uchachu wa ndimu huvunja sehemu ya sukari na kuizuia isigande. Epua, subiri dakika tano, mimina ile ya pembeni na ukoroge mara mbili tatu. Itapungua uzito kidogo, ndiyo maana uzi unapaswa kuwa mnene kuliko unaouzoea. Kaimati ziingie zikiwa za moto.

Kutafuta kosa na kuhifadhi

Sukari isipolowa baada ya dakika tatu za kusugua kwa nguvu, ganda lilikuwa kavu au kiasi chake kilikuwa kidogo. Kwangua tunda jingine. Kuongeza muda hakutasaidia. Sukari ikilowa bila kunukia, tunda halikukaushwa. Na keki ikitoka bila ladha ilhali sukari ilinukia vizuri, mara nyingi sukari ilisuguliwa ikaachwa wazi kwa saa nyingi, au vanila na viungo vilitiwa kwa mkono mzito. Iliki kidogo hupatana na chungwa. Vanila zaidi ya nusu kijiko cha chai kwenye keki hii huifunika.

Sukari ya ziada itie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana, ijae karibu na mdomo ili hewa iwe kidogo. Kwenye friji hutumika vizuri kwa wiki mbili hivi, kwenye friza kwa miezi kadhaa. Ikigandamana, ivunje kwa uma. Inuse kabla ya kuitumia: mafuta ya ganda yakishapigwa na hewa sana hugeuka na kunuka kama dawa ya kusafishia rangi, na sukari ya namna hiyo haifai hata kwa chai.